Gari Moja, Watu Watano: Nani Atembee?

Wiki hii nakuletea kisa ambacho sikusimuliwa kijiweni wala saluni. Kimenikuta mimi mwenyewe, mkazi wa Kihesa hapa Iringa, na kidogo kinifukuzishe kazi.

Kabla ya kuanza kukuandikia vijimaneno hivi, mimi ni karani wa stoo. Jina la kampuni naliweka kapuni, ila tupo kule chini, ukishateremka Ipogolo na kuingia barabara kuu ya Dar na Mbeya. Anayeijua Iringa ameshanielewa. Mji umekaa juu ya kilima, Kihesa ipo upande mmoja kwenye barabara ya Dodoma, na Ipogolo ipo bondeni upande mwingine. Kila asubuhi mimi naukata mji mzima kisha nateremka kilima, na jioni naupanda tena.

Kazi inaanza saa 1 kamili asubuhi. Hiace ikinipata mapema, nafika. Isiponipata, nabanana hadi mjini, nashuka, nasubiri nyingine ijae, ndipo tuteremke. Nilikuwa nalipa shilingi 600 kila ninapopanda. Kwa magari mawili kwenda na mawili kurudi hiyo ni 2,400 kwa siku, yaani 52,800 kwa siku 22 za kazi. Pamoja na kulipa hivyo nilikuwa nachelewa, hadi mwezi wa sita nikapewa barua ya pili ya onyo. Ya tatu kila mtu anaijua maana yake.

Hapo ndipo alipojitokeza Kaka Fundi. Huyu ni fundi umeme wa pale kazini, anakaa Kihesa mbele kidogo ya sokoni, upande wa kwenda Nduli. Kaka Fundi ana Corolla yake ya siku nyingi, na alikuwa analalamika kwamba mafuta yanammaliza. Siku moja wakati wa chai nikamwambia, "Kaka, wewe unalia na mafuta, mimi nalia na Hiace, na gari lako lina viti vinne vitupu. Kwa nini tusichangie?" Akacheka, akasema poa, tafuta wenzako.

Kupata watu hakukuchukua hata nusu saa. Wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili Dada wa Mapokezi, anakaa Mtwivila. Wa tatu Mama Mhasibu, anakaa Gangilonga, na ndiye mkubwa wetu kwa cheo. Wa nne Mzee wa Getini, mlinzi wa siku nyingi, anakaa kwenye mitaa ya katikati ya mji. Na dereva, jumla watano. Nikajiona kichwa! Kumbe nilikuwa nimekusanya watu tu, safari yenyewe sikuwa nimeipanga.

Jumatatu ya kwanza tulikwenda kwa mtindo wa "nipitie nyumbani". Kaka Fundi akanipitia mimi hadi mlangoni, akaingia Mtwivila ndani kumfuata Dada, akakuta Dada bado anamvalisha mtoto sweta la kwenda kwa bibi yake. Tukangoja. Tukaenda Gangilonga hadi getini kwa Mama Mhasibu, honi ikalia, mbwa wakabweka, mama akatokea akiwa na kikombe cha chai mkononi. Tukangoja. Tulipofika mjini, Mzee wa Getini alikuwa amesimama kwenye baridi ya mwezi wa saba kwa muda ambao sitaki hata kuutaja, na mguu wake mmoja ni mbovu. Tukafika kazini saa 1 na dakika 22.

Nakwambia, siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke. Mama Mhasibu hakuulizwa na mtu, maana mkubwa hachelewi, "amepata dharura". Mimi nikaitwa ofisini. Meneja akaniambia hii ni mara ya mwisho kunionea huruma. Mchana huo huo Mzee akanifuata stoo. "Mwanangu," akasema, "mimi narudi kwenye Hiace. Angalau Hiace haina ahadi, kwa hiyo haiwezi kunivunjia." Maneno hayo yaliniuma kuliko ya meneja.

Jioni sikuondoka na gari. Nilibaki stoo, nikachukua karatasi moja iliyokuwa imeharibika nikachora mstari. Huku juu nikaandika Kihesa, chini kabisa nikaandika Kazini. Katikati nikaweka Mtwivila, Gangilonga, Mjini na Ipogolo. Nikaangalia nyumba zetu ziko wapi na ule mstari uko wapi, na hapo nikaona kosa letu. Kaka Fundi angekuwa peke yake, kila siku angepita barabara ile ile moja: Kihesa, mjini, kilima, Ipogolo. Njia ni hiyo. Sisi tulikuwa tunaichukua na kuipinda kila mahali penye nyumba ya mtu. Gari la kuchangia halimfuati mtu kwake. Gari linapita njia yake na mtu ndiye anayelifuata, kama maji ya bomba la mtaa.

Lakini je, mtu alifuate wapi? Si kila mahali kwenye mstari panafaa kusimama. Jumamosi mchana tulipotoka kazi, mimi na Kaka Fundi tukapita njia nzima polepole kutafuta vituo. Tulijifunza mambo ambayo kabla ya hapo sikuwahi kuyafikiria, ingawa barabara ile naipita kila siku.

La kwanza ni upande. Sisi Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo kituo cha asubuhi lazima kiwe kushoto kwa gari linaloelekea mjini. Mtu akisimama kulia, ama yeye avuke barabara mbio katikati ya bodaboda na magari ya Dodoma, ama dereva akate kona kuingia upande wa pili na kusubiri tena nafasi ya kurudi. Jioni mambo yanageuka, kituo kinakuwa ng'ambo ya barabara, na hapo abiria anavuka kwa utulivu akiwa ameshashuka, gari likiwa limekwishaondoka mbele yake.

La pili, usiweke kituo chako kwenye kituo cha daladala. Mimi nilidhani ndipo panapofaa, maana pana watu na kila mtu anapajua. Kaka Fundi akanikatalia katakata. Ukisimama pale unaziba Hiace, konda anakutukana matusi ya nguoni, na abiria wanakuja kukushika mlango wakidhani wewe ni teksi bubu. Tukachagua hatua kama 40 mbele ya kituo, mahali penye nafasi ya kutoa gari nje ya lami.

La tatu ni mwanga. Mwezi wa saba hapa Iringa saa 12 na robo asubuhi bado ni giza, jua linachomoza karibu saa 1. Dada wa Mapokezi ndiye aliyelisema hili, na alilisema kwa sauti ndogo. Kuna uchochoro wa mkato kutoka kwake hadi barabarani, dakika 5 tu. Njia ya kuzunguka ni dakika 9. Sisi wengine tulikuwa tumemhesabia ule mkato. Akasema, "Ule uchochoro mimi sipiti peke yangu gizani." Basi tukahamisha kituo chake mbele kidogo, kwenye njiapanda ambako kuna mama anayechoma maandazi tangu alfajiri na taa yake inawaka. Kwa gari ilikuwa ni ile ile, maana njiapanda ipo kwenye mstari. Kwake yeye ilikuwa ni tofauti ya kuja au kutokuja.

La nne ni kile kilima. Kati ya mjini na Ipogolo barabara inateremka kwa kona, na magari mazito yanapanda yakikohoa huku mengine yakishuka yamebana breki. Pale hatusimami kabisa, awe amesimama rafiki, ndugu au mkwe. Wa mwisho anapandia mjini, juu, kabla ya mteremko. Kuanzia hapo breki ni za kupunguza mwendo tu.

Baada ya hapo ikabaki kasheshe yenyewe, nayo ni Gangilonga.

Gangilonga kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, na jiwe lenyewe lipo pale juu, kubwa, unaliona kutoka mjini. Lakini wiki ile aliyetakiwa kuongea ni mimi, na nilitakiwa kuongea na Mama Mhasibu. Nyumba yake ipo ndani, nje ya mstari. Kwenda hadi getini kwake na kurudi barabarani ni dakika 7 kwa gari, maana kipande kile cha mtaani ni vumbi na mashimo. Kwa miguu kutoka kwake hadi njiapanda ni dakika 8. Nani amwambie mhasibu mkuu atembee? Kaka Fundi akasema hapana, yeye mama ndiye anayesaini posho yake. Dada akaangalia kucha zake. Mzee hakuwepo, alishasusa. Nikabaki mimi, msichana wa fomu foo mwenye barua mbili za onyo.

Jumatatu saa 4, wakati wa chai, nikabisha mlango wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna mzigo umeingia?"

"Hapana mama. Nimeleta hesabu."

Nikamwekea karatasi mezani. Sikusema neno kuhusu nani atembee. Nilikuwa nimeandika hivi: gari likiingia Gangilonga, linachukua dakika 7. Wanaongoja ndani ya gari ni watatu, Kaka Fundi, mimi na Dada. Anayengoja mjini kwenye baridi ni mmoja, Mzee. Watu wanne mara dakika 7 ni dakika 28. Gari lisipoingia, anayetumia muda ni mtu mmoja, dakika 8. Chini yake nikaandika kilomita. Kuingia na kutoka ni kilomita 1 na nusu, asubuhi na jioni ni 3, kwa siku 22 ni 66. Gari letu lililojaa, kwenye vilima vya hapa, linakwenda kama kilomita 10 kwa lita. Hizo ni zaidi ya lita 6 na nusu kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ambayo tuliichukua ili hesabu iwe rahisi, inakaribia 20,000 kila mwezi, na bado haijulikani nani atailipa.

Mama akavaa miwani. Akachukua penseli yake nyekundu, nikajua nimekwisha. Akapiga tiki kwenye 28. Akapiga tiki kwenye 66. Kisha akaniangalia.

"Hesabu nani alikufundisha wewe?"

"Stoo mama, kuhesabu magunia."

"Na huyo Mzee wa Getini mnamfuata kwake?"

Hapo ndipo palipokuwa na ukweli mgumu, kwa sababu kwa namna fulani tulikuwa tunamsogelea. Nikamweleza. Mjini kuna sehemu mbili tunazoweza kusimama, zote zipo kwenye njia yetu. Moja ipo mbele, na kutoka kwa Mzee kwenda huko kuna kipandio. Nyingine ipo nyuma kidogo, na kwake ni tambarare tupu. Tumechagua ya tambarare kwa sababu ya mguu wake. Gari haliongezi hata mita moja wala haliongezi dakika, linasimama tu mapema badala ya kusimama baadaye. "Mama, nasi tungeweza kukusogelea wewe bila kuacha barabara, tungekusogelea," nikasema. "Kituo tunakisogeza kwenye mstari. Mstari wenyewe ndio hatuwezi kuusogeza."

Akanyamaza. Mimi huku mapigo ya moyo nayasikia masikioni. Halafu akauliza swali ambalo sisi wanne hatukulifikiria: "Na mvua ikinyesha, hapo njiapanda nasimama wapi?"

Msomaji wangu, hilo ni swali la mtu anayetaka kuja. Pale njiapanda tulipokuwa tumechagua palikuwa wazi kama kiganja. Na huku kwetu kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 4 mvua haibishi hodi. Tukaenda kuangalia upya, tukapata duka lenye kibaraza hatua 60 mbele, kushoto, nje ya lami. Mwenye duka tukamwomba kwa heshima, akasema simameni tu, mradi msikae kwenye mlango wangu. Kituo kikahamia pale. Ndivyo tulivyopata sheria ya tano, na imetoka kwa yule tuliyekuwa tunamwogopa.

Baada ya vituo tukapanga saa. Nilitaka kuandika tu ile Jumamosi jioni, Kaka Fundi akanizuia, akasema barabara ya Jumamosi si barabara ya Jumanne. Tukapima asubuhi tatu za kazi kwa saa ya simu, tukachukua ile iliyokuwa mbaya kuliko zote. Mimi Kihesa Sokoni saa 12:25. Dada njiapanda ya Mtwivila saa 12:30. Mama kibarazani saa 12:37. Mzee mjini saa 12:42. Kazini saa 12:55. Zile dakika 5 za mwisho ni za ng'ombe, lori bovu au mwendesha guta, na haruhusiwi mtu kuzila.

Sheria ya kungoja ni dakika 2. Gari likifika linasimama, dereva anabipu mara moja, dakika 2 zikiisha anaondoka. Hapigi honi na hapigi simu ya "uko wapi?", maana jibu la swali hilo kwa Mswahili ni moja tu, "nimefika hapa hapa", hata kama ndiyo kwanza anatafuta kiatu. Aliyeachwa anapanda Hiace na hanuni. Wa kwanza kuachwa nilikuwa nani? Mimi, muasisi! Wiki ya pili tu, kwa ajili ya kupasi gauni. Niliona taa nyekundu za Corolla zikiyoyoma kuelekea mjini, nikacheka na kulia kwa pamoja. Nikafika saa 1 na dakika 6, bahati yangu meneja alikuwa safarini. Tangu siku hiyo napasi usiku.

Sasa tuje kwenye mapene, maana ndipo urafiki unapofia. Kutoka kwa Kaka Fundi hadi kazini mita ya gari inasoma kilomita 10. Kwenda na kurudi ni 20, yaani lita 2, yaani 6,000 kwa siku na 132,000 kwa siku 22. Tulikubaliana kwamba dereva naye ni mtu, lazima awemo kwenye mgawo, kwa sababu hata bila sisi angekwenda kazini. Sisi watatu wa kabla ya mjini tunatoa 30,000 kila mmoja kwa mwezi. Mzee, kwa kuwa anapandia mjini na njia yake ni fupi, anatoa 20,000. Jumla 110,000. Kaka Fundi anaongezea 22,000 ya mafuta, na oili, tairi na breki ni zake kwa kuwa gari ni lake. Alikuwa anatumia 132,000 peke yake, sasa 22,000. Mimi nilikuwa natumia 52,800, sasa 30,000, na nimekaa kwenye kiti.

Michango inatolewa tarehe 1 kwa simu. Ndani ya gari pesa haishikwi. Usipokuja siku 2 au 3 hurudishiwi kitu, kwa sababu kiti chako kilikwenda kitupu kikikungojea. Lakini gari likilala gereji au Kaka Fundi akiwa likizo, siku hizo zinakatwa kwenye mchango wa mwezi unaofuata. Na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei kikomo za mafuta, Mama Mhasibu anaingiza bei mpya kwenye karatasi yake. Ikipanda sana tunaongeza, ikishuka tunapunguza. Hakuna kunung'unika, maana bei haikutoka kwa Kaka Fundi.

Hapo ulidhani hadithi imeisha? Bado, kulikuwa na soo lenyewe.

Wiki ya tano Mama alikuwa likizo, kwa hiyo kiti kimoja kilikuwa kitupu. Jioni moja tukiwa Ipogolo tunataka kupanda kilima, kijana mmoja akapunga mkono na begi lake. Kaka Fundi akasimama. "Twende, buku tu hadi mjini." Mzee akakohoa. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu najilaumu hadi leo. Hatukwenda hata mita 200, mbele akawa amesimama trafiki. Akainama dirishani, hakumuuliza dereva, akamuuliza yule kijana: "Wewe na hawa mnafahamiana?"

"Hapana afande, nimelipa buku."

Kimya kilichofuata ungeweza kusikia sindano ikianguka. Trafiki akatueleza pale pale, bila ukali lakini bila mzaha. Anayebeba abiria kwa malipo anatakiwa kuwa na leseni ya LATRA. Gari hili ni la binafsi, namba zake ni za njano, wakati magari ya biashara yana namba nyeupe. Na bima ya gari binafsi haikukatwa kwa ajili ya abiria wa kulipa nauli. "Mkianguka kwenye kilima hiki na huyu kijana akavunjika, nani atamlipa?" Akamteremsha kijana, akamwambia Kaka Fundi kwamba akimkuta tena gari litalala kituoni. Akatuachia.

Tukapanda kilima kimya. Kufika mjini Mzee akashuka, akainama dirishani kama alivyoinama trafiki, akasema, "Kijana wangu, buku moja lile lilitaka kula 110,000 zetu." Hakuongeza neno.

Kesho yake tuliandika sheria ya mwisho, na Kaka Fundi ndiye aliyeishika kalamu. Gari letu linabeba sisi watano tunaofanya kazi pamoja, basi. Kiti kitupu kinakwenda kitupu. Tunachochanga hakizidi mafuta tunayochoma, na karatasi ya Mama Mhasibu inayoonyesha hivyo inakaa kwenye kabati la gari pamoja na bima. Na kabla ya bima kuisha tulimtuma Kaka Fundi kwa wakala wake akamweleze wazi kwamba anakwenda kazini na wenzake wanaochangia mafuta, ili asije akasema hakuambiwa.

Tangu hapo sijapata barua ya tatu. Si kwamba mambo yamenyooka yote. Jioni bado ni ngumu kuliko asubuhi, kwa sababu asubuhi wote tunawahi saa moja ile ile, lakini jioni kila mtu anatoka kwa wakati wake. Tumeweka saa 11 na robo, anayebaki na kazi anabaki na Hiace. Mama Mhasibu wakati wa kufunga hesabu za mwezi anarudi na Hiace wiki nzima, na mchango wake anautoa kamili. Nilipomuuliza kama haimuumi, akaniambia, "Mimi nimenunua asubuhi zangu, mwanangu. Jioni ni nyongeza."

Mzee naye alirudi. Siku ya kwanza aliporudi tulimkuta pale kwenye tambarare saa 12:42 kamili, fimbo mkononi, koti limefungwa hadi shingoni. Akaangalia saa yake, akaliangalia gari, akafungua mlango.

"Kamwene," akasema.

Tukaitikia wote wanne, gari likaanza kuteremka.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na wewe unayetaka kuanzisha la kwenu, chora mstari kwanza ndipo uite watu. Mimi nilianza na watu, na unajua kilichonipata.